Kariakoo au duka la jumla la mtaani? Hesabu ya kila bidhaa kabla ya kufunga mzigo

Wasomaji wenye maduka madogo Dar es Salaam wanauliza swali lilelile kwa maneno tofauti. Mmoja wa Kivule anataka kujua kama bado kuna faida ya kwenda Kariakoo wakati duka la jumla liko kituo cha tatu kutoka kwake. Mwingine wa Mbagala amechoka kudanganywa na anaomba nimtajie "duka moja la uhakika". Wa tatu anashangaa jirani yake anauzaje sukari kwa bei ambayo yeye ananunulia.

Duka la uhakika sitakutajia, maana lililo zuri leo linaweza kubadilisha msimamizi kesho. Nitakupa namna ya kulitafuta mwenyewe. Kuhusu Kariakoo, kosa la wengi ni kuchagua soko moja kwa mzigo wote. Soko huchaguliwa kwa bidhaa moja moja, na hesabu yake inaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Unakoweza kununua

Mwenye duka la mtaani ana njia nne za kupata mzigo, na nyingi kati yake anazo mlangoni tayari:

- Gari la msambazaji, linalopita dukani na soda, maji, bia, sigara, mikate au vocha.
- Duka la jumla la mtaani, la Tandika, Manzese, Gongo la Mboto, Tegeta na kwingineko.
- Soko kuu: Kariakoo kwa bidhaa za dukani, Tandale na Manzese kwa nafaka.
- Rejareja, yaani duka la mwenzako au supamaketi.

Gari la msambazaji tulimalize haraka. Bidhaa ambazo bei yake inapangwa na kiwanda hazina siri Kariakoo. Tofauti ya kreti moja ya soda haifiki hata nauli, na gari linaleta hadi mlangoni na kuondoka na chupa tupu. Kama gari halipiti kwako, muulize mwenye duka wa mtaa wa pili linapita siku gani, au piga namba ya huduma iliyochapishwa kwenye pakiti uulize wakala wa eneo lako ni nani. Watu hawaipigi namba hiyo, na ndiyo njia fupi kuliko zote.

Bei ya kufika dukani

Bei unayoambiwa Kariakoo siyo bei yako. Bei yako ni ile ya mzigo ukiwa juu ya shelfu, baada ya nauli, wapagazi, gari, chakula ulichokula njiani, na faida uliyoikosa duka likiwa limefungwa. Hicho cha mwisho ndicho kinachosahaulika. Angalia daftari lako: asubuhi ya kawaida duka linakuingizia faida ya shilingi ngapi? Ukifunga asubuhi hiyo, umeilipa.

Tuchukue duka la Kivule linalotaka mzigo wa wiki. Bei zinabadilika, kwa hiyo namba hizi ni za mfano tu. Weka zako, lakini fuata njia.

Mwenye duka anataka bidhaa nzito za aina nne. Akilinganisha bei ya Kariakoo na ya duka la jumla la karibu, anaona anaokoa hivi:

- Sukari, mifuko 2 ya kilo 50, kila mfuko sh. 2,000: jumla 4,000.
- Unga wa ngano, mifuko 4 ya kilo 25, kila mfuko sh. 1,000: jumla 4,000.
- Mafuta ya kupikia, madumu 3 ya lita 20, kila dumu sh. 2,000: jumla 6,000.
- Sabuni, katoni 5, kila katoni sh. 1,500: jumla 7,500.

Bidhaa nzito zote zimemwokolea sh. 21,500. Halafu kuna vitu vyepesi: madaftari, kalamu, betri, viberiti vya gesi, vitana, nyembe, balbu na ndala. Kariakoo vitamgharimu 180,000. Mtaani, kama vyote vinapatikana, 225,000. Hapa ameokoa 45,000. Mzigo mzima unaonyesha akiba ya 66,500, na akiishia hapo atakwambia Kariakoo inalipa sana.

Sasa gharama. Nauli ya kwenda 1,000, chakula 3,000, wapagazi 6,000, kirikuu hadi Kivule 40,000, na faida ya asubuhi iliyopotea 10,000. Jumla 60,000. Kilichobaki baada ya jua, foleni na kusukumana ni sh. 6,500.

Ajaribu njia nyingine. Sukari, unga, mafuta na sabuni anunue duka la jumla la karibu. Kariakoo aende kwa vitu vyepesi tu, avifunge kwenye begi kubwa na boksi moja, arudi na daladala. Nauli kwenda na kurudi 2,000, mpagazi 2,000, malipo ya mzigo kwa konda 3,000, chakula 3,000, faida iliyopotea 10,000. Jumla 20,000. Ametoa 20,000 kuokoa 45,000, na amebaki na 25,000. Amebeba mzigo mdogo zaidi na amepata karibu mara nne.

Sababu yake iko kwenye uzito na ushindani. Sukari, unga na mafuta kila mtu anauza, kwa hiyo faida ya kila ngazi imekwishabanwa. Hakuna nafasi kubwa ya kuokoa, na kilo ni nyingi za kusafirisha. Boksi la betri ni jepesi, na kila mkono linaopitia unaongeza bei kubwa kwa sababu mteja wa mwisho hajui bei yake halisi.

Kuna faida nyingine ambayo haionekani kwenye hesabu hiyo. Duka la jumla la karibu ni stoo yako ya bure. Huna haja ya kulaza mifuko miwili ya sukari wiki nzima; unachukua mmoja, unauza, unarudi na fedha ileile kuchukua wa pili. Fedha iliyobaki inanunua kitu kingine.

"Lakini tukichanga gari?"

Hoja nzuri. Mkiwa wawili kwenye kirikuu, gharama yako inashuka kutoka 60,000 hadi 40,000, na unabaki na 26,500, karibu sawasawa na yule wa begi la daladala. Mkiwa wawili na mnapokezana, mmoja akienda kwa niaba ya mwenzake, hesabu inapendeza zaidi kwa sababu kila mmoja anafunga duka mara moja badala ya mbili. Msikimbilie kuwa watatu, maana mizigo mitatu ya namna hii inafika karibu tani moja, na kirikuu haikutengenezewa hivyo. Spring zikikatika Buguruni, mtalipa gari la pili.

Mkichanga, mkubaliane kabla ya safari mambo mawili: kila mtu anaandika orodha yake na bei ya juu kabisa anayokubali, na mzigo wa kila mtu unakuwa na risiti yake. Ushirika wa namna hii huvunjika pale mmoja anaposema, "Nilikuta imepanda, nikachukua tu."

Rejareja nayo ina siku yake

Kuna mwenye duka anayeona aibu kununua kwa mwenzake wa rejareja. Aibu hiyo inagharimu. Nunua rejareja katika hali hizi:

- Unajaribu bidhaa mpya. Nunua pisi sita, ziweke mbele, uone zinaisha kwa siku ngapi.
- Bidhaa inatoka polepole. Katoni ya pisi 24 inayokuokolea sh. 200 kwa kila pisi inakupa sh. 4,800 tu. Ikichukua miezi mitano kuisha, umefunga fedha ya katoni nzima kwa ajili ya 4,800, na tarehe ya mwisho wa matumizi inakukaribia.
- Kitu kimeisha ghafla na mteja wako wa kila siku anakihitaji. Uza hata bila faida leo. Akienda duka la pili atanunua na mkate hukohuko.

Kipimo changu ni wiki nne. Kisichoisha ndani ya wiki nne, usikinunue kwa katoni, hata uahidiwe bei gani.

Nafaka: bei ya gunia haina maana bila mizani

Mchele na maharage vina masoko yake, na Tandale inajulikana kwa hilo. Tatizo la huku ni uzito. Gunia moja la "kilo mia" linaweza kupungua kilo kadhaa, na lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo imekuwa ikiipiga vita miaka mingi, inakufanya uamini unapata ziada huku bei ikiwa imepangwa kwa kukisia.

Fanya hivi. Uliza bei kwa kilo, kisha gunia lipimwe mbele yako kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo. Omba sampuli itolewe kwa bambo katikati na chini ya gunia, kwani mchele mzuri hukaa mdomoni na chenga hukaa tumboni. Chukua kiganja, upulize vumbi, utafute mawe. Tafuna punje mbili: punje kavu hupasuka kwa sauti, yenye unyevu hulainika chini ya jino, na hiyo itakuotea ukungu dukani.

Kisha kwenye hesabu yako toa kilo moja au mbili za taka na za kumwagika wakati wa kupima kilo kwa kilo. Ukiuza robo robo, toa zaidi. Wengi hupanga bei ya kuuzia kana kwamba kilo 100 zilizonunuliwa zitauzwa 100.

Mawinga

Ukishuka tu Kariakoo utaitwa boss, mama, dada, mjomba. Huyo ni winga: hana duka, anajua nani ana nini, na anaishi kwa cha juu anachoongeza kwenye bei. Simwiti mwizi. Kwa kitu adimu, au kwa mtu anayekwenda mara ya kwanza na hajui Mtaa wa Kongo ni wa nguo na Aggrey ni wa simu, winga mmoja mzuri anaokoa saa tatu. Lakini kwa bidhaa unayonunua kila wiki, unamlipa cha juu kila wiki.

Utamjua kwa dalili. Unauliza bei, anatoka nje kupiga simu. Unataka kuona katoni, anakukalisha kwenye stuli na kusema "ziko stoo, naleta sasa hivi". Unaomba risiti, jina la duka linabadilika. Kanuni ni fupi: fedha hulipwa pale mzigo ulipo, kwa mtu anayetoa risiti, baada ya kuhesabu. Winga akitaka "advansi kidogo nikafungue stoo", ondoka.

Kumpata muuzaji wa kuaminika, hatua kwa hatua

1. Ulizia kwa wanaobeba. Dereva wa kirikuu na mpagazi wanajua duka gani hutoa mzigo kamili, na gani wateja hurudi wakifoka. Mshindani wako wa mtaa huohuo hatakwambia ukweli. Muulize mwenye duka wa mitaa mitano mbali.

2. Chukua bei tatu za bidhaa ileile, siku ileile, kwa kipimo kilekile. Uliza "katoni ina pisi ngapi na kila pisi gramu ngapi?" Katoni ya bei nafuu mara nyingi ina pisi chache, au sabuni yenyewe imepunguzwa gramu. Gawanya bei kwa pisi ndipo ulinganishe.

3. Uliza bei na risiti. Kariakoo bado utasikia "na risiti au bila?" Ukichagua bila, amekupa bei pungufu na tatizo zima. TRA ikisimamisha gari njiani, mzigo bila risiti ni wako, siyo wake. Tena hakikisha risiti ya mashine ya EFD ina kiasi ulicholipa, maana kuna wanaoandika nusu. Iskani alama yake ya mraba kwa simu, au ingiza namba yake ya uhakiki kwenye verify.tra.go.tz. Kama hujasajiliwa VAT, kodi hiyo uliyolipa huwezi kuirudisha. Ihesabu kuwa ni sehemu ya bei.

4. Linganisha majina. Jina linalotokea kwenye simu unapolipa kwa Lipa Namba lifanane na la kwenye risiti na la kwenye bango. Ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya kijana", simama uulize kwa nini.

5. Agiza kidogo kwanza. Oda ya kwanza iwe ya aina mbili au tatu, moja ikiwa bidhaa inayoharibika au kuvunjika.

6. Rudisha kitu kimoja. Hili ndilo jaribio lenyewe. Balbu ikigoma au biskuti ikikutwa imelowa, irudishe na risiti. Muuzaji mzuri atabadilisha, au atakwambia tangu mwanzo kwamba vya umeme hujaribiwa palepale na havirudishwi. Mbaya atasema "mbona wengine hawajalalamika?"

Hatua hizo hazimalizwi kwa siku moja. Wiki sita au nane za oda ndogo zitakuonyesha zaidi ya tabasamu la kaunta.

Kabla mzigo haujafungwa kamba

Macho yawe hapa, kwa sababu ukishafika Kivule hakuna wa kumlalamikia:

- Utepe wa katoni. Wa kiwanda una rangi au maandishi yake. Katoni iliyofungwa upya kwa utepe wa kawaida ifunguliwe na kuhesabiwa.
- Mshono wa mfuko wa sukari au unga. Matundu ya uzi wa zamani kando ya uzi mpya yanamaanisha umefunguliwa. Upimwe.
- Kifuniko cha dumu la mafuta na lakiri yake.
- Tarehe ya mwisho, kwenye katoni na kwenye pakiti ya ndani. Zikitofautiana, amini ya ndani. Ofa kubwa ya ghafla ya biskuti au juisi karibu kila mara ni tarehe inayokimbizwa.
- Alama ya TBS kwa bidhaa za hapa nyumbani, na stempu ya kielektroniki ya TRA kwa vinywaji na sigara.

Kuhusu bidhaa bandia nikazie kidogo. Betri, nyembe, kalamu, dawa ya viatu na vifaa vya umeme vinaghushiwa sana. Wakaguzi wa Tume ya Ushindani wakivikuta, wanavichukua kutoka shelfu yako. Jina likiwa na herufi moja iliyobadilika, au bei ikiwa nusu ya kawaida, huo siyo msimu wa bei rahisi.

Mali kauli

Baada ya miezi michache muuzaji atakwambia, "Chukua tu, utaleta ukiuza." Wengi hufurahi kuaminiwa, na hapo ndipo wanapoanza kununua vibaya. Kabla ya kukubali, uliza maswali matatu. Bei ya mali kauli ni ileile ya taslimu? Tarehe ya kulipa ni ipi, kwa namba na mwezi, siyo "ukiuza"? Kisichouzika kinarudi?

Tumia mali kauli kwa bidhaa ambayo daftari linakuonyesha itaisha kabla ya tarehe ya deni. Muuzaji akikusukumia kitu usichowahi kuuza, anahamisha stoo yake kuja kwako. Na usichukue kwa wauzaji watatu kwa pamoja, kwa sababu utaanza kuuza sukari ya mmoja kulipa deni la sabuni ya mwingine. Kila ulichochukua kiandikwe kwenye madaftari mawili, lako na lake, na wote msaini siku hiyohiyo.

Maswali yanayobaki

*Duka la jumla la mtaani nalo linanunua Kariakoo. Kwa nini nisiende mwenyewe?* Kwa sababu linanunua fuso nzima, au linapokea moja kwa moja kutoka kwa wakala wa kiwanda, kwa bei ambayo wewe wa mifuko miwili hupewi. Faida yake kwenye sukari inaweza kuwa ndogo kuliko gharama yako ya kirikuu.

*Jirani anauzaje kwa bei ninayonunulia?* Huenda ana mali kauli na anahitaji fedha leo ili alipe kesho. Huenda mizani yake haisemi kweli. Nunua kilo moja kwake ukaipime. Au ameifanya sukari kuwa chambo: anakosa faida hapo, anairudisha kwenye majani ya chai, sabuni na vitumbua. Usishushe sukari yako kumfuata kabla hujajua ni lipi.

*Niwe na muuzaji mmoja au wengi?* Kwa kila bidhaa inayokuletea wateja, wawili. Mkuu apate oda kubwa, na wa pili oda ndogo kila mwezi ili namba yako isigeuke ngeni kwake. Sukari ikiadimika, kama inavyotokea baadhi ya misimu, wauzaji huwagawia kwanza wanaowajua.

*Nimwache lini?* Kukosea hesabu mara moja na kurekebisha bila ubishi ni kawaida. Mwache akibadilisha bei kati ya simu na kaunta mara ya pili, risiti zikianza kuchelewa, au akianza kukuomba ulipe kabla ya mzigo wakati zamani ulilipa baada. Hili la mwisho mara nyingi maana yake mtaji umemwishia, na fedha yako inakwenda kulipa mzigo wa mtu mwingine. Chukua ulichokwisha lipia, funga daftari lake, na oda ya wiki ijayo ipeleke kwa yule wa pili.